Maambukizi yanayoozesha nyama chini ya ngozi: maswali kuhusu antibiotiki, klindamaisini na upasuaji usiosubiri

Majibu haya ni kwa ajili ya ndugu wenye mgonjwa wodini, na kwa matabibu na wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ambao ndio humwona mgonjwa wa namna hii kwanza. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima ambaye figo zake zinafanya kazi.

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Ni maambukizi ya bakteria yanayoenea kwa kasi chini ya ngozi, katika mafuta na katika ule utando mweupe mgumu unaofunika misuli, ambao madaktari huuita fashia. Bakteria na sumu zao huziba mishipa midogo ya damu inayopita hapo. Nyama ikikosa damu hufa, na ikishakufa huwa chakula cha bakteria waleule. Ngozi ya juu huchelewa kuonyesha, kwa hiyo eneo lililooza chini huwa kubwa kuliko wekundu unaouona.

Kuna makundi mawili yanayotuhusu zaidi. La kwanza ni la mchanganyiko wa bakteria wengi, pamoja na wale wanaoishi pasipo oksijeni. Hili huwapata zaidi wenye kisukari, na mara nyingi huanzia sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa, au tumboni baada ya upasuaji. La pili husababishwa na bakteria mmoja, mara nyingi streptokokasi wa kundi A, yuleyule anayeleta maumivu ya koo kwa watoto. Huyu anaweza kumwangusha hata kijana mwenye afya njema, kwa mchubuko mdogo tu, na wakati mwingine bila kidonda chochote kinachoonekana.

Kama ngozi inaonekana nzima, tutautambuaje mapema?

Anza na maumivu. Mgonjwa analia kwa maumivu ambayo hayalingani na kile unachokiona. Mguu una wekundu kidogo na uvimbe kidogo, lakini hataki hata shuka limguse. Maumivu hayo pia huvuka mpaka wa wekundu: ukibonyeza ngozi inayoonekana safi, sentimita kadhaa mbele ya wekundu, bado anaruka. Nyama huwa ngumu ukiipapasa, haibonyei kama uvimbe wa kawaida. Baadaye huja rangi ya zambarau, malengelenge yenye majimaji meusi, na mwisho ganzi. Ganzi ikishaingia maumivu hupungua, na hapo ndugu hufurahi wakidhani dawa imefanya kazi. Ukweli ni kwamba neva zimekufa.

Msisubiri dalili za vitabuni. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa homa ilikuwepo kwa chini ya nusu ya wagonjwa, malengelenge yenye damu kwa robo yao, na presha ya kushuka kwa mmoja kati ya watano. Picha ya eksirei ilionyesha hewa chini ya ngozi kwa takriban nusu tu. Kuna pia hesabu ya alama za vipimo vya damu iitwayo LRINEC, iliyotungwa Singapuri na kuchapishwa mwaka 2004, ambapo alama 6 na kuendelea humaanisha shaka kubwa. Katika uchambuzi uleule ilikosa karibu theluthi ya wagonjwa. Alama ndogo zisimtulize mtu ambaye mkono wake umeshagusa nyama ngumu yenye maumivu makali.

Hapa niseme jambo linaloniuma kila mara: sindano ya daiklofenaki. Inatolewa kwa urahisi mno kwenye zahanati na maduka ya dawa. Inashusha homa na kufunika maumivu, yaani inaondoa dalili mbili ambazo zingemfanya mtu akimbilie hospitali. Mtu aliyechomwa sindano hiyo jana na leo anaumwa zaidi ya jana asipewe ya pili. Apelekwe akaonwe na mtu anayeweza kupasua.

Mnaweza kutupa mfano wa mgonjwa, hatua kwa hatua?

Mgonjwa huyu si mtu mmoja. Tumemtunga kutokana na mwenendo wa kawaida wa ugonjwa wenyewe.

Fundi mwashi wa miaka 52, kilo 70, anachubuliwa na bati kwenye muundi siku ya Jumatatu. Usiku mguu unauma. Jumanne anakwenda zahanati, anachomwa daiklofenaki na kupewa vidonge vya amoksilini. Jumatano asubuhi hawezi kusimama. Uvimbe umefika gotini, na adhuhuri yanatokea malengelenge mawili ya rangi ya damu ya mzee. Saa nane mchana anafika hospitali ya wilaya. Mapigo ya moyo ni 128 kwa dakika, presha 88 kwa 50, anahema mara 28 kwa dakika, na joto la mwili ni 37.4 tu. Sukari inasoma 24, ingawa hakuwahi kuambiwa ana kisukari.

Muuguzi anaweka njia mbili za dripu na maji ya chumvi yanaanza kuingia kwa kasi: mililita 30 kwa kila kilo, yaani lita mbili na kidogo ndani ya saa tatu. Damu inachukuliwa kwa ajili ya kuotesha bakteria na kwa ajili ya kupanga kundi. Kabla saa moja haijaisha ameshapata seftriaksoni gramu 2, metronidazo miligramu 500 na klindamaisini miligramu 900, zote kwa mshipa. Insulini inaanzishwa. Wakati huohuo, si baadaye, daktari anapiga simu thieta.

Saa kumi na nusu jioni yuko mezani kwa ketamini. Mpasuaji anafungua sentimita 2 tu kwanza, hadi kwenye fashia, na kuingiza kidole. Nyama haitoi damu. Yanatoka majimaji ya kijivu, membamba, bila usaha mzito, na kidole kinateleza kati ya mafuta na fashia bila kizuizi mpaka karibu na goti. Katika nyama hai kidole hakipiti hivyo. Utambuzi umekamilika hapohapo, na kidirisha kile cha sentimita 2 kinarefushwa. Fashia iliyooza inaondolewa hadi kila ukingo unatoa damu nyekundu. Jeraha linaachwa wazi, linafunikwa kwa gozi yenye maji ya chumvi, na vipande vya nyama vinapelekwa maabara.

Alhamisi jioni anarudishwa thieta na ukanda mwingine unakutwa umekufa juu ya goti. Ijumaa anaangaliwa tena na kila kitu kinatoa damu. Jumamosi maabara inasema ni streptokokasi wa kundi A peke yake, hivyo seftriaksoni na metronidazo zinaachwa, penisilini ya mshipa inaanza, na klindamaisini inaendelea. Wiki ya nne anapandikizwa ngozi iliyochukuliwa pajani.

Kwa nini antibiotiki nyingi kwa mara moja?

Kwa sababu saa ya kwanza hakuna anayejua ni bakteria gani. Majibu ya maabara huchukua siku mbili au tatu, na mgonjwa hana siku hizo. Kwa hiyo unafunika makundi yote yanayowezekana, kisha unapunguza maabara ikishasema.

Mpango unaopendekezwa na miongozo mingi una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni dawa pana inayoua bakteria wa utumbo pamoja na wale wasiohitaji oksijeni: piperasilini na tazobaktamu gramu 4.5 kila saa 6 hadi 8, au meropenemu gramu 1 kila saa 8. Pasipo hizo, seftriaksoni pamoja na metronidazo inafanya kazi hiyo, kama kwa fundi wetu. Sehemu ya pili ni vankomaisini, kwa ajili ya stafilokokasi sugu ambao dawa za jamii ya penisilini haziwagusi. Sehemu ya tatu ni klindamaisini, na hiyo imewekwa kwa sababu tofauti kabisa na mbili za mwanzo.

Klindamaisini inafanya nini ambacho penisilini haifanyi?

Penisilini na ndugu zake huua bakteria kwa kuharibu ukuta wake wakati anapoujenga ili ajigawe. Kama hajigawi, hakuna cha kuharibu. Katika maambukizi haya bakteria huwa wamejazana kiasi kwamba wengi wameacha kujigawa. Wametulia, lakini bado wanatema sumu. Mwaka 1952 mtafiti Mmarekani Harry Eagle alionyesha kwamba kwa panya walioambukizwa streptokokasi wengi, penisilini ilishindwa kadiri tiba ilivyocheleweshwa. Mwaka 1988 Dennis Stevens na wenzake walirudi kwenye swali hilo kwa panya wenye maambukizi ya misuli. Tiba ya penisilini ikianza baada ya saa mbili haikusaidia tena, ilhali klindamaisini iliendelea kuwaokoa wengi hata ilipocheleweshwa kwa saa nyingi.

Klindamaisini inaingia ndani ya bakteria na kuzuia kiwanda chake cha protini. Sumu za streptokokasi ni protini. Kiwanda kikisimama, sumu mpya haitengenezwi, hata kama bakteria mwenyewe bado yu hai na hata kama hajigawi. Ni sumu hizo zinazochoma mishipa ya damu na kuwasha kinga ya mwili kupita kiasi mpaka presha inaanguka. Kwa hiyo klindamaisini imepangwa hapo ili kuzima sumu.

Basi kwa nini asipewe klindamaisini peke yake?

Kwa sababu haiwagusi bakteria wengi wa utumbo kama vile ikolai, na kwa sababu baadhi ya streptokokasi na stafilokokasi wameshakuwa sugu kwayo. Hata maabara ikithibitisha ni streptokokasi wa kundi A, penisilini hubaki pembeni yake: moja inazima sumu, nyingine inaua, na kama bakteria huyo ni sugu kwa klindamaisini, mgonjwa hajaachwa mikono mitupu.

Inatolewaje?

Miligramu 600 hadi 900 kwa mshipa kila saa 8. Changanya miligramu 900 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, zishuke kwa nusu saa. Isisukumwe kwa bomba la sindano moja kwa moja kwenye mshipa hata kama mna haraka kiasi gani, kwani ikiingia ghafla inaweza kuangusha presha na hata kusimamisha moyo. Vidonge vyake hufyonzwa vizuri kwa mtu mzima wa afya, lakini mgonjwa ambaye presha imeanguka tumbo lake halipati damu ya kutosha, kwa hiyo usimtegemeze kwenye vidonge.

Ikiwa ya mshipa haipo kabisa, linezolidi miligramu 600 kila saa 12 nayo huzuia protini, na vilevile hufunika stafilokokasi sugu, hivyo inaweza kushika nafasi ya klindamaisini na vankomaisini kwa pamoja.

Kama dawa ni nzuri hivyo, kwa nini kisu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na ndugu, na ni swali la haki. Dawa yoyote ya mshipa husafiri ndani ya damu. Mahali ambapo mishipa imeziba, damu haifiki, na dawa haifiki. Ni sawa na mtaa uliokatwa bomba: hata ukijaza tangi kuu, mifereji ya huko haitatoa tone. Bakteria walio katikati ya nyama mfu wanaendelea kutema sumu pembezoni, kuelekea nyama ambayo bado ni hai, na hakuna dozi inayoweza kuwafuata. Kisu ndicho kinachowafikia. Antibiotiki, pamoja na klindamaisini, inalinda nyama iliyobaki na damu, na kupunguza sumu inayozunguka mwilini.

Historia inaonyesha uzito wa kila upande. Mwaka 1924 mpasuaji Frank Meleney aliandika kuhusu wagonjwa 20 aliowaona Beijing wakiwa na ugonjwa huu wa streptokokasi. Penisilini haikuwepo duniani. Alichokuwa nacho ni kupasua mapema na kusafisha, na wanne kati ya wale 20 ndio waliofariki. Sisi wenye dawa zote hizi bado tunapoteza mmoja kati ya wanne au watano, na kuchelewa kupasua ni sababu mojawapo kubwa ambayo iko mikononi mwetu.

Kuchelewa ni saa ngapi?

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha waliopasuliwa ndani ya saa 6 tangu kufika hospitali na waliopasuliwa baada ya hapo. Vifo vilikuwa takriban asilimia 19 kwa kundi la kwanza na 32 kwa la pili. Hata hivyo saa 6 si ruhusa ya kukaa saa 5. Fashia inaweza kufa kwa sentimita kadhaa ndani ya muda wa kusubiri daktari wa zamu amalize kunywa chai.

Si bora presha ipande kwanza, au sukari ishuke, au kipimo cha sitii kipatikane?

Maji, dawa za kupandisha presha na insulini vianze mara moja, na viendelee njiani hadi mezani. Lakini presha haitakaa sawa wakati chanzo cha sumu bado kimo mwilini, na sukari nayo hukataa kushuka kwa sababu hiyohiyo. Anayesubiri namba zipendeze kabla ya kupasua anasubiri matokeo ya upasuaji kabla ya kuufanya. Mtaalamu wa usingizi ana haki ya kutaka mgonjwa aongezewe maji. Kazi hiyo ifanyike kwa saa moja au mbili, wakati thieta inatayarishwa.

Sitii husaidia pale shaka ni ya wastani na mashine iko jengo hilohilo. Shaka ikiwa kubwa, kidirisha cha sentimita 2 na kidole hutoa jibu haraka zaidi. Na wakikuta fashia nyeupe, inayong'aa, iliyoshikamana na inayotoa damu, mgonjwa amebaki na kovu dogo. Hiyo ni bei ndogo, na tungependa matabibu wasiione aibu.

Hospitali yetu ni ndogo. Tupasue hapa au tutoe rufaa?

Kama kuna thieta, mtu wa kutoa usingizi na daktari anayeweza kufanya upasuaji wa uzazi, basi kuna uwezo wa kufungua na kuondoa kilichooza wazi, hasa kwenye mguu au mkono. Hospitali ya rufaa ikiwa mbali, upasuaji huo wa kwanza ufanyike hapo, kisha asafiri akiwa na jeraha wazi lililofungwa vizuri. Maambukizi ya sehemu za siri yanayopanda tumboni, au ya shingo na uso, ni magumu zaidi. Hayo yapelekwe upesi.

Zahanati isiyo na thieta isimlaze mgonjwa kumwangalia usiku mzima. Dozi ya kwanza ya dawa iliyopo, dripu, simu kwa hospitali inayompokea, na gari. Chora kwa kalamu mpaka wa wekundu na uandike saa pembeni yake. Atakayempokea ataona mstari umepitwa kwa sentimita ngapi katika saa mbili za njiani, na mstari huo utamshawishi kuliko barua ndefu.

Mzee wa familia yuko safarini. Tunaweza kusubiri afike kabla ya kusaini?

Tunaelewa uzito wa kuamua jambo kama hili bila wakubwa. Lakini mgonjwa mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe, na ni haki yake. Mpigieni mzee simu, daktari aongee naye moja kwa moja. Msimwambie "wanataka kumkata", kwa sababu hapo atasikia mguu unaondolewa. Mwambieni wanafungua ngozi kutoa nyama iliyooza ili mguu ubaki.

Kwa nini anarudishwa thieta wakati walishamsafisha jana?

Kwa sababu siku ya kwanza haiwezekani kujua kwa uhakika nyama ipi itakufa kesho. Baadhi ya kingo hutoa damu leo na kuziba usiku. Marudio hupangwa ndani ya saa 24, mapema zaidi mgonjwa akizorota, na huendelea mpaka aingie thieta na kutoka bila kukatwa kitu. Wagonjwa wengi huingia mara tatu au nne. Ndugu wakiambiwa hivyo tangu mwanzo, safari ya pili haiwi habari ya kushindwa.

Je, atapoteza mguu?

Baadhi hupoteza, pale misuli yenyewe imekufa au kiungo kimeharibika kiasi kwamba kukibakiza ni kuhatarisha uhai. Anayepasuliwa mapema ana nafasi nzuri ya kubaki na mguu, ingawa utakuwa na kovu kubwa na ngozi ya kupandikizwa.

Klindamaisini inaachwa lini?

Mapema kuliko antibiotiki nyingine. Kazi yake ni kipindi cha sumu, hivyo presha ikishasimama yenyewe kwa siku mbili au tatu na thieta haikuti tena nyama mfu, inaweza kuachwa, na dawa inayomlenga bakteria aliyeoteshwa iendelee. Kuiendeleza bila sababu kunaleta kuhara kukali kunakosababishwa na bakteria wa utumbo aitwaye klostridiamu. Mgonjwa akianza kuhara mara tatu au zaidi kwa siku, mwambieni muuguzi siku hiyohiyo, na msimpe dawa ya kufunga choo.

Sisi tunaomuuguza tutaambukizwa?

Maambukizi ya mchanganyiko wa bakteria hayarukii wengine. Ya streptokokasi wa kundi A yanaweza kumpata mtu wa karibu, lakini ni nadra sana. Vaeni glavu mnapogusa bandeji, nawieni kwa sabuni, na funikeni michubuko yenu. Kwa siku 30 zinazofuata, yeyote aliyekuwa akiishi naye akipata homa, koo kali au maumivu ya kiungo yasiyoelezeka, aende hospitali na aseme wazi alikuwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani. Mama aliye karibu kujifungua, kichanga na mzee sana waliokaa naye nyumba moja watajwe kwa daktari mapema, kwa sababu hao wanaweza kuhitaji dawa ya kinga kabla ya dalili.